Mchoro umepinda, hoja imenyooka: usahihishe vipi?

Swali lenyewe ni la kidato cha pili, la kawaida kabisa. Pembenne ABCD ina upande AB ulio sambamba na upande DC, na pande hizo mbili zina urefu sawa. Mishazari yake, yaani AC na BD, inakatana kwenye nukta O. Thibitisha kwamba AO = OC na BO = OD. Alama 6.

Mwanafunzi mmoja wa hapa Moshi alichora kwa mkono, bila rula, kwenye karatasi ya mistari. Upande wa juu, AB, ukatoka na sentimita 6. Wa chini, DC, ukaishia kwenye 4 na nusu. Ukiutazama mchoro bila kusoma swali utasema hiyo ni trapeza, tena iliyolegea kidogo upande wa kulia. Chini yake ameandika uthibitisho ambao hauna mstari hata mmoja wa kupingwa.

Karatasi hiyo ilizunguka ofisi ya walimu wakati wa chai ya saa nne, na walimu watatu wa hesabu wakaitolea hukumu tatu. Wa kwanza alitoa 3 kati ya 6 kwa sababu ya mchoro. Wa pili alitoa 6 kamili. Wa tatu hakuweka alama yoyote, aliandika tu pembeni: "Chora upya, kisha niletee." Nazilinganisha njia hizo tatu hapa kwa sababu yeyote anayeshika kalamu nyekundu, awe mwalimu wa darasa, wa tuisheni kule Majengo au mzazi anayekagua daftari usiku, atalazimika kuchagua mojawapo.

Kwanza, alichoandika mwanafunzi

Darasani haya huandikwa kwa Kiingereza. Nayaweka kwa Kiswahili bila kubadili mpangilio wake. Alianza na AB kuwa sambamba na DC. Mstari AC unaikata mistari hiyo miwili, kwa hiyo pembe OAB ni sawa na pembe OCD, maana ni pembe mbadala. Vivyo hivyo BD inaikata, kwa hiyo pembe OBA ni sawa na pembe ODC. Tena AB = DC, swali limesema. Basi pembetatu OAB na pembetatu OCD zina pembe mbili sawa na upande ulio kati ya pembe hizo sawa, kwa hiyo zinalingana kabisa: ukiipandisha moja juu ya nyingine hakuna inayozidi. Kutokana na hapo AO = OC na BO = OD.

Sasa chukua rula upime mchoro wake. Katika trapeza yenye pande sambamba za sentimita 6 na 4.5, mishazari hukatana kwa uwiano wa 6 kwa 4.5, yaani 4 kwa 3. AC ya kwake ina sentimita 7, hivyo AO ni 4 na OC ni 3. Mwanafunzi amethibitisha kwamba vipande viwili ni sawa, na juu ya uthibitisho huo pana picha inayoonyesha vimepishana kwa sentimita nzima. Mwalimu wa kwanza alishikilia hapo hapo: "Huwezi kuniambia AO ni sawa na OC wakati naona kwa macho yangu si sawa."

Ili kuamua kama ana haki, inafaa kujua kwamba mchoro wa jometri hubeba habari za aina mbili. Ya kwanza ni ya vipimo: urefu, ukubwa wa pembe, kama pande hizi ni sawa, kama mistari ile ni sambamba, kama kona ile ni pembe mraba. Ya pili ni ya mpangilio: nukta ipi iko kati ya zipi, kitu gani kiko ndani na kipi nje, kona mbili ziko upande mmoja wa mstari au zimetenganishwa nao. Mkono unaotetemeka huharibu habari za aina ya kwanza mara moja. Za aina ya pili huwa ngumu kuharibu. Unaweza kupinda, kurefusha na kulaza, na O bado itabaki kati ya A na C.

Habari za vipimo kwa kawaida hutolewa na maneno ya swali. "AB = DC" imeandikwa, haisomwi kwenye picha. Habari za mpangilio, kinyume chake, karibu kila mara husomwa kwenye picha, kwa sababu hakuna mtu anayeziandika. Hilo si kosa la watoto wetu peke yao. Hata Yuklidi, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, katika hoja yake ya kwanza kabisa ya kujenga pembetatu yenye pande zote sawa, anachora duara mbili, moja yenye kitovu A na nyingine yenye kitovu B, kisha anatumia nukta zinapokutana. Kwamba zinakutana hakuthibitisha; jicho lilimtosha. Ilichukua hadi mwaka 1882 kwa mwanahesabu Moritz Pasch kuandika waziwazi kanuni za mpangilio, kwa mfano kwamba mstari ulioingia pembetatu kupitia upande mmoja, bila kupita kwenye kona, lazima utokee upande mwingine. David Hilbert akazipanga kwa ukamilifu mwaka 1899. Kwa hiyo tunapomsahihisha mtoto wa kidato cha pili, tusidai zaidi ya kilichodaiwa kwa Yuklidi kwa miaka elfu mbili.

Kalamu ya kwanza: kukata alama za mchoro

Njia hii ina sababu zake, na sizidharau. Mwanafunzi aliyezoea kuchora ovyo siku moja atajichanganya mwenyewe: herufi zitakaa pasipo pake, mistari miwili itaonekana kukutana pasipokutana, na atapoteza dakika kumi za mtihani akifuata kivuli. Pia ni njia ya haraka. Kosa la mchoro linaonekana kabla hata hujasoma neno moja, na ukiwa na karatasi 60 mezani hilo linavutia.

Shida ni kile inachomfundisha mtoto. Aliyekatwa alama 3 kwa sababu AO na OC hazikutoka sawa kwenye karatasi atajifunza kwamba usawa huamuliwa na rula. Wiki inayofuata atachora vizuri, atapima, kisha ataandika: "AO = sm 3.5 na OC = sm 3.5, kwa hiyo ni sawa." Hapo umempokonya uthibitisho mzuri ukampa kipimo, na kipimo hakithibitishi chochote zaidi ya mchoro ule mmoja.

Kuna hatari nyingine ambayo walimu wengi hawaifikirii: mchoro nadhifu mno. Mwanafunzi anayeogopa kukatwa alama huchora umbo lililo rahisi kunyoosha. Akiambiwa msambamba, anachora mstatili. Akiambiwa pembetatu yoyote, anachora pembetatu pacha, yaani yenye pande mbili sawa, maana inakaa vizuri kwenye karatasi. Kisha anaanza kuona vitu ambavyo swali halikumpa. Nimeona karatasi ambazo mtoto anaandika "AC = BD kama inavyoonekana" kwa sababu msambamba wake alikuwa ameuchora kama ukurasa wa daftari. Chukua msambamba wenye pande za sentimita 6 na 4 na pembe ya nyuzi 60 katikati yake: mshazari mrefu ni karibu 8.7 na mfupi ni karibu 5.3. Usawa ule uliletwa na unadhifu wa mchoro. Trapeza iliyopinda ya mwanafunzi wetu ilimkinga na jambo hilo, kwa sababu haikuwa na usawa wowote wa kumshawishi. Kila usawa alioutumia ilibidi autafute kwenye maneno ya swali.

Na lipo hili, ambalo mwanafunzi mmoja aliwahi kulisema kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, hata ule wa ubaoni ulikuwa umepinda." Alikuwa na haki. Ubaoni tunachora kwa chaki na mkono, duara zetu zinatoka kama mayai, na hakuna anayetukata alama.

Kalamu ya pili: kusoma hoja, kuuacha mchoro

Mwalimu wa pili alitoa 6 kamili, nami niko upande wake kwa karatasi hii. Lakini njia yake inahitaji kazi kuliko inavyoonekana, maana kuuacha mchoro wa mwanafunzi hakumaanishi kusahihisha bila mchoro.

Ninavyofanya ni hivi. Naufunika mchoro wake kwa kipande cha karatasi. Nasoma swali, nachora wa kwangu pembeni, tena nauchora kwa makusudi usifanane na umbo lolote zuri: kama ni msambamba, naulaza sana. Kisha nafuata hoja ya mwanafunzi mstari kwa mstari nikiwa na mchoro wangu. Kila anaposema kitu ni sawa na kingine, natafuta sababu kwenye swali au kwenye mstari uliotangulia. Nikiipata napita. Nisipoipata, ndipo nafunua mchoro wake kuona kama ameisoma pale.

Kwa karatasi yetu, kila usawa una sababu. Mchoro umetumika kwa jambo moja tu: kwamba O iko kati ya A na C, na iko kati ya B na D, ndiyo maana pembe zile ni mbadala kweli. Trapeza iliyopinda inaonyesha hivyo hivyo. Alichosoma kwenye mchoro ni sahihi, na kilichokuwa si sahihi kwenye mchoro hakukisoma. Alama 6.

Kuhusu mchoro wenyewe, kuna kitu kimoja ninachokagua kwa ukali, nacho hakihusiani na rula: alama. Je, ameweka mishale kwenye AB na DC kuonyesha ni sambamba? Ameweka vistari vya usawa juu yake? Herufi zimezunguka kwa mpangilio A, B, C, D? Mchoro uliopinda wenye alama zake zote ni mchoro halali, kwa sababu alama hizo ndizo zinazosema "hizi zihesabu kuwa sawa hata kama mkono wangu umekataa." Mchoro ulionyooka usio na alama hausemi lolote. Ukitaka kutenga alama 1 kati ya 6 kwa ajili ya mchoro, itenge kwa hayo. Huyu wetu aliweka mishale akasahau vistari. Nilimwandikia pembeni, "Weka vistari vya usawa kwenye AB na DC", na sikukata kitu kwa sababu usawa huo ameutaja kwa maneno.

Herufi zina umuhimu kuliko unyoofu. Karatasi nyingine ya swali hilo hilo ilikuwa na msambamba safi wa rula, ila herufi zilikaa hivi: A juu kushoto, B juu kulia, C chini ya A, D chini ya B. Kwa mpangilio huo AC na BD ni pande za kushoto na kulia, ziko sambamba, hazikutani kamwe. Aliyechora akaweka O pale AD na BC zilipokatana. Kisha akaandika "pembe OAB = pembe OCD", maneno yale yale ya mwenzake. Kwenye mchoro wake pembe mbadala ya OAB ni ODC. Maneno yake yanalipatia swali jibu sahihi, lakini hayatoki kwenye umbo alilochora. Ukisahihisha hoja peke yake utampa 6, na huenda unampa alama za jirani yake. Hapo nilimwita nikamwambia, "Niwekee kidole kwenye pembe OCD." Sekunde chache zinatosha kujua.

Karatasi ambayo kalamu ya pili haiiwezi

Kuna uthibitisho maarufu wa uongo, unaojulikana tangu karne ya 19, kwamba kila pembetatu ni pacha. Nauweka hapa kwa sababu ndio kipimo kizuri cha njia ya msahihishaji. Kama njia yako inaupitisha, njia yako ina tundu.

Chukua pembetatu ABC, AB na AC zikiwa na urefu wowote. Chora mstari unaoigawa pembe A nusu kwa nusu. Chora pia mstari unaokata BC katikati kwa pembe mraba. Inakutana kwenye O. Kutoka O, shusha mstari wa pembe mraba hadi AB, uite OE, na mwingine hadi AC, uite OF. Pembetatu AOE na AOF zina pembe sawa kwenye A, pembe mraba kwenye E na F, na upande wa pamoja AO, kwa hiyo zinalingana: AE = AF na OE = OF. Tena OB = OC, kwa sababu O iko kwenye mstari unaogawa BC katikati. Pembetatu OEB na OFC zina pembe mraba, zina pande ndefu sawa na OE = OF, kwa hiyo nazo zinalingana: EB = FC. Sasa jumlisha: AB = AE + EB, na AC = AF + FC. Vipande ni sawa, jumla ni sawa. AB = AC.

Kila usawa hapo una sababu halali. Ukiwa na mchoro wa mkono ambao O imekaa ndani ya pembetatu, utatia vema hadi mwisho. Kosa liko kwenye alama ya kujumlisha. Chora kwa rula na bikari pembetatu yenye AB sm 7, AC sm 5 na BC sm 6. O itaangukia nje, karibu sentimita 1.6 chini ya BC. E itakuwa ndani ya AB, sentimita 6 kutoka A. F nayo itakuwa sentimita 6 kutoka A, lakini AC ina 5 tu, kwa hiyo F imepita C kwa sentimita 1. AE = AF ni kweli, zote ni 6. EB = FC ni kweli, zote ni 1. Ila AB ni 6 + 1, na AC ni 6 − 1.

Kinachofanya mchoro wa mkono udanganye hapa ni kwamba mtoto huchora pembetatu iliyo karibu kuwa pacha. Kwenye pembetatu ya namna hiyo mistari miwili inayotakiwa kukutana kwenye O karibu inalaliana, na mkono unaweza kuiweka O popote unapotaka. Kwenye pembetatu yetu ya 7, 5 na 6 mistari hiyo inakutana kwa pembe ya nyuzi 17 hivi, na O haina pa kujificha.

Kutokana na hilo nimejiwekea kanuni moja ambayo sijaona ikinitupa. Popote mwanafunzi anapojumlisha au kutoa, iwe urefu au pembe, nauliza: nani kamwambia ni kujumlisha? Kama swali limesema nukta iko kati ya mbili, sawa. Kama ni mchoro uliomwambia, basi mchoro huo sasa ni sehemu ya hoja, na mpangilio wake lazima uwe sahihi. Uthibitisho wa mishazari hauna hata jumlisha moja, ndiyo maana trapeza iliyopinda haikuuathiri.

Kalamu ya tatu: kurudisha achore upya

Mwalimu wa tatu alikuwa mpole kuliko wa kwanza, lakini kwa karatasi ya mishazari alimpa mtoto kazi isiyo na faida. Atachora upya kwa rula, mchoro utatoka safi, na hoja itabaki neno kwa neno. Hakuna alichojifunza ila kwamba mwalimu anapenda usafi. Zidisha kazi hiyo kwa darasa. Karatasi 60 kwa dakika 3 kila moja ni saa 3 za kusahihisha. Ukirudisha nusu yake, umejiongezea saa moja na nusu kabla hujafundisha somo jipya. Na bikari zenyewe hazitoshi. Kwenye madarasa mengi mkebe mmoja unazunguka dawati hadi dawati.

Ilhali kwa karatasi ya pembetatu pacha hakuna njia nyingine inayofaa. Ukimwandikia kosa liko wapi, atakuamini bila kuona. Ukimkata alama bila maelezo, atabishana, na kwa haki, kwa sababu kila mstari wake ulikuwa na sababu. Akichora mwenyewe ataikuta O nje kwa mikono yake.

Tofauti iko kwenye maneno unayoandika wakati wa kurudisha. "Chora vizuri" halimsaidii, maana hajui kibaya ni kipi. Mpe vipimo na umuulize swali moja: "Chora AB sm 7, AC sm 5, BC sm 6. O iko wapi, na F iko wapi?" Vipimo hivyo havikuchaguliwa ovyo, pande zimetofautiana vya kutosha ili mistari isilaliane. Ukimpa 7, 6.8 na 6 utampeleka kwenye ukungu ule ule.

Pale ambapo kalamu ya kwanza ndiyo sahihi

Swali likisema "jenga kwa rula na bikari", mchoro ndio jibu. Mtu aliyeombwa kujenga pembe ya nyuzi 60 akaichora kwa mkono, hata akieleza vizuri namna ya kuijenga, hajafanya alichoombwa. Mimi naruhusu kosa la milimita 1 hadi 2 na nyuzi 1 hadi 2, kwa sababu ncha ya penseli na bikari iliyolegea huleta hilo bila kosa la mtu. Natafuta pia vipinde vya bikari. Pembe sahihi isiyo na vipinde imepimwa kwa kipimapembe.

Michoro ya skeli ni vivyo hivyo. Ukiwa na skeli ya sentimita 1 kwa kilomita 10, umbali wa kilomita 80 ni sentimita 8, na mkono uliokosea kwa milimita 2 umekosea kwa kilomita 2. Jibu linasomwa kwa rula, kwa hiyo hakuna hoja ya kuokoa.

Ukiwa huna nafasi ya kumwita mwanafunzi

Kwenye mtihani wa muhula huwezi kurudisha wala kuuliza. Mfano unaonisumbua kila mwaka ni wa duara, kidato cha tatu: thibitisha kwamba pembe AOB iliyo kwenye kitovu ni mara mbili ya pembe ACB iliyo kwenye mzingo, zote zikitazama kipande kimoja cha mzingo. Mwanafunzi anachora duara la mkono lililobonyea. OA, OB na OC zina urefu tofauti kwa macho, lakini anaandika ni sawa kwa sababu zote ni nusu kipenyo. Hapo hakuna tatizo. Anarefusha CO hadi D upande wa pili, anaonyesha pembe AOD ni mara mbili ya ACD, na pembe BOD ni mara mbili ya BCD, kwa sababu pembetatu OAC na OBC ni pacha. Kisha anajumlisha.

Kujumlisha huko kunatoka kwenye mchoro. Yeye aliiweka O ndani ya pembe ACB. C ikisogezwa pembeni hadi O ikawa nje ya pembe hiyo, pembe ya kitovu inakuwa tofauti ya zile mbili. Hoja yake ni sahihi kabisa kwa umbo alilolichora, na kuna umbo jingine halikuguswa.

Kama swali lilitoka na mchoro wake uliochapwa, O ikiwa ndani, natoa alama zote. Aliombwa kuthibitisha kwa umbo hilo. Kama swali lilitolewa kwa maneno matupu, natoa 5 kati ya 6. Ile moja siikati kwa ajili ya duara lililobonyea, na ili asidhani hivyo naandika pembeni: "Na O ikiwa nje ya pembe ACB?" Akichora umbo hilo la pili, hata kwa duara la yai lile lile, ataona kwamba pembetatu zake mbili pacha zinabaki kama zilivyo, na kinachobadilika ni kujumlisha kuwa kutoa kwenye mstari wa mwisho.